Chumvi Mashambani: Namna ya Kusoma Kipimo cha Upitishaji Umeme na Kukadiria Maji ya Kuoshea Udongo

Katika tambarare kame zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro na safu ya milima ya Pare, kuanzia Kahe na Chekereni hadi Ndungu wilayani Same, kilimo kinategemea maji ya mito na chemchemi zinazotoka milimani. Maji hayo huonekana safi, lakini yamepita juu ya miamba na kubeba chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Mmea unapoyanyonya, na jua linapokausha uso wa ardhi, maji huondoka na chumvi hubaki. Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Maji yenye upitishaji umeme wa desisimensi 0.6 kwa mita, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa maji mazuri ya umwagiliaji, hubeba takriban gramu 0.38 za chumvi katika kila lita. Ekari moja inayopewa milimita 500 za maji hayo kwa msimu hupokea takriban kilo 780 za chumvi, yaani zaidi ya magunia 15 ya kilo 50. Chumvi hiyo isipopata njia ya kushuka chini ya mizizi, itabaki shambani na kuongezeka msimu hadi msimu.

Njia ya kuishusha inafahamika: ni kuongeza maji kidogo zaidi ya yale yanayohitajiwa na mmea, ili ziada hiyo ipite katika udongo na kuondoka na chumvi. Kazi hiyo huitwa uoshaji wa udongo, na kiasi cha ziada hukadiriwa kwa kutumia kipimo cha upitishaji umeme. Makosa mengi hutokea hapo. Mkulima huambiwa kwamba udongo wenye desisimensi 4 kwa mita na kuendelea ni wa chumvi, naye anapima udongo wake kwa kifaa cha mkononi, anaona 0.9, na kurudi nyumbani akiamini kwamba shamba lake ni salama. Kifaa hakikumdanganya. Kilichomponza ni kulinganisha tarakimu mbili ambazo hazikupimwa kwa namna moja.

Kifaa kinapima nini

Maji matupu hupitisha umeme kwa shida sana. Chumvi inapoyeyuka ndani yake hugawanyika kuwa chembe zenye chaji, na kadiri chembe hizo zinavyokuwa nyingi ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Kifaa hupima urahisi huo na kuuandika kwa desisimensi kwa mita, ambayo kwenye kioo chake husomeka dS/m. Vifaa vingine huonyesha mS/cm, ambayo ni thamani ileile, na vingine huonyesha µS/cm, ambapo 1,000 ni sawa na desisimensi 1 kwa mita. Vipo pia vifaa vya bei nafuu vinavyoonyesha ppm. Hivi vinahitaji tahadhari, kwa kuwa watengenezaji hawatumii kizidisho kimoja: kifaa kimoja huzidisha desisimensi kwa 500 na kingine kwa 700, hivyo maji yaleyale huonyesha tarakimu mbili tofauti. Iwapo kifaa kina uwezo wa kuonyesha dS/m, mS/cm au µS/cm, ni vyema kukiweka huko na kuisahau ppm.

Usomaji hubadilika pia kwa joto, takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na viwango vyote vinavyotumika duniani vimewekwa kwa nyuzi 25. Vifaa vingi vya sasa hufanya marekebisho hayo vyenyewe. Visipofanya, sampuli iliyoachwa juani itaonekana kuwa na chumvi nyingi kuliko iliyonayo. Kabla ya kazi, kifaa huhakikiwa kwa kutumbukizwa katika kimiminika maalumu cha kloridi ya potasiamu kinachopaswa kusomeka 1.413 dS/m katika nyuzi hizo 25. Kisiposomeka hivyo, hakuna sababu ya kuendelea kupima kabla ya kukirekebisha.

Sasa kuhusu udongo wenyewe. Kiwango cha 4 kilichozoeleka kilitokana na kazi ya maabara ya chumvi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Riverside, California, ambayo mwongozo wake ulitolewa mwaka 1954. Wataalamu hao walilowesha udongo kwa maji hadi ukawa rojo laini inayong'aa juu, kisha wakavuta maji yaliyomo ndani ya rojo hiyo na kuyapima. Thamani hiyo ndiyo inayoandikwa ECe, na jedwali zote za ustahimilivu wa mazao zimejengwa juu yake. Njia hiyo ni sahihi zaidi kwa sababu inakaribia hali ambayo mizizi inakutana nayo, lakini inahitaji pampu ya kuvutia maji na mkono uliozoea.

Kwa hiyo maabara nyingi, pamoja na maofisa ugani walioko shambani, hutumia njia nyepesi: sehemu 1 ya udongo mkavu kwa sehemu 5 za maji. Hapa chumvi ileile imetawanywa katika maji mengi zaidi, na tarakimu lazima iwe ndogo. Ili kuirudisha kwenye ECe huzidishwa kwa namba inayotegemea aina ya udongo, kwa kuwa udongo wa kichanga hushika maji machache unapokuwa rojo na udongo wa mfinyanzi hushika mengi. Vizidisho vinavyotumika sana ni takriban 23 kwa kichanga, 14 kwa tifutifu ya kichanga, 9.5 kwa tifutifu, 8.6 kwa tifutifu ya mfinyanzi, 7.5 kwa mfinyanzi wa kati na 5.8 kwa mfinyanzi mzito. Ni makadirio, si sheria ya maumbile, na hupotoka pale udongo unapokuwa na jasi kwa asili, kwani jasi huendelea kuyeyuka kadiri maji yanavyoongezwa. Hata hivyo, makadirio hayo ni bora mara nyingi kuliko kuilinganisha tarakimu ghafi na kiwango cha 4.

Kutokana na hayo, cheti cha maabara kisichotaja njia iliyotumika hakitoshi kufanyia uamuzi. Mkulima ana haki ya kuuliza kama namba aliyopewa ni ya rojo au ya sehemu 1 kwa 5, na iwapo ni ya pili, kama imekwisha kuzidishwa.

Kuchukua sampuli

Sampuli huchukuliwa mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, wakati chumvi imepanda kufikia kiwango chake cha juu. Huchukuliwa kwa tabaka, sentimita 0 hadi 30 na 30 hadi 60, na kwa mazao yenye mizizi mirefu hufika 90. Sehemu ambayo mazao yamenawiri, sehemu yaliyodumaa na sehemu iliyobaki kipara hazichanganywi. Kila moja hupata sampuli yake, ikikusanywa kutoka vituo kama kumi. Kwenye shamba la matuta kuna mtego mwingine: maji ya mfereji huisukuma chumvi kuelekea katikati ya tuta na kwenye kilele chake, hivyo udongo wa mferejini unaweza kuonekana safi huku mbegu iliyopandwa juu ya tuta ikiungua.

Udongo hukaushwa kivulini, huvunjwavunjwa na kupitishwa kwenye chekecheo la milimita 2. Gramu 20 hutiwa katika chupa safi pamoja na mililita 100 za maji yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi hufaa endapo yenyewe yanasomeka karibu na sifuri. Maji ya bomba hayafai. Chupa hutikiswa, mara kwa mara kwa muda wa saa moja, huachwa itulie, na kifaa huingizwa katika maji ya juu. Baada ya kila sampuli kifaa husuuzwa.

Chupa hiyo isitupwe mara moja, kwa sababu ina habari nyingine. Ikiwa baada ya saa kadhaa maji ya juu bado ni mazito kama chai ya maziwa, mfinyanzi unatawanyika, na sababu ya kawaida ni sodiamu. Dalili hiyo itarejewa baadaye.

Shamba la mfano

Tuchukue ekari moja ya udongo wa tifutifu ya mfinyanzi katika tambarare hizo, inayokusudiwa kulimwa mahindi ya kiangazi kwa maji ya mfereji. Tarakimu zake zimetungwa kwa ajili ya maelezo haya, lakini ni za aina inayoweza kukutwa shambani. Kipimo cha sehemu 1 kwa 5 kinatoa 0.92 kwa tabaka la juu na 0.61 kwa tabaka la chini. Zote mbili ziko mbali chini ya 4. Zikizidishwa kwa 8.6 zinakuwa 7.9 na 5.2, na wastani wa eneo la mizizi ni 6.6. Huu ni udongo wa chumvi bila shaka yoyote.

Athari yake kwa zao hukadiriwa kwa namba mbili ambazo watafiti wa Marekani, Maas na Hoffman, walizichapisha mwaka 1977 na ambazo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limezisambaza katika mwongozo wake wa ubora wa maji ya umwagiliaji. Namba ya kwanza ni kizingiti ambacho chini yake mavuno hayapungui. Ya pili ni asilimia inayopotea kwa kila desisimensi inayozidi kizingiti hicho. Kwa mahindi, kizingiti ni 1.7 na upotevu ni asilimia 12:

```
Mavuno (%) = 100 - 12 x (6.6 - 1.7) = 41
```

Mkulima huyo atavuna takriban mbili ya tano ya kile ambacho shamba lake lingeweza kutoa, hata akiweka mbolea na mbegu bora. Maharage, ambayo kizingiti chake ni 1.0 na upotevu ni asilimia 19, hayangevunwa kabisa. Mpunga, wenye kizingiti cha 3.0, ungetoa zaidi kidogo ya nusu. Pamba, yenye kizingiti cha 7.7, isingeathirika. Tofauti hizo zinaeleza kwa nini jirani mmoja hulalamika na mwingine halalamiki, ingawa udongo wao ni mmoja.

Kabla ya kuhesabu maji, tarakimu hizo mbili zina jambo jingine la kusema. Chumvi ni nyingi juu kuliko chini. Katika shamba ambalo maji hushuka ipasavyo, mpangilio huwa kinyume chake: juu kuna chumvi chache na chini kuna nyingi, kwa kuwa maji yanaisukuma. Mpangilio uliopinduka unaonyesha kwamba maji yanapanda. Yanatoka kwenye maji ya chini ya ardhi yaliyo karibu, yanapita katika matundu membamba ya udongo, yanakaushwa na jua usoni, na kuacha mzigo wake hapo. Anayeona mpangilio huo achimbe shimo la mita 2 na kusubiri siku moja au mbili aone maji yanatulia katika kina gani.

Maji ya chini kwanza

Tuseme katika shamba la mfano maji yametulia katika kina cha sentimita 90. Hapo uoshaji hauwezi kuanza, na sababu yake inahesabika. Udongo wa tifutifu ya mfinyanzi ulio juu ya maji hayo una nafasi ndogo ya kupokea maji mapya, mara nyingi isiyozidi asilimia 10 ya ujazo wake. Maana yake ni kwamba kila milimita 1 ya maji inayoshuka chini ya mizizi huyapandisha maji ya chini kwa milimita 10 au zaidi. Milimita 90 tu za maji ya kuoshea zingeyafikisha usoni. Baada ya hapo shamba linageuka kinamasi, na linapokauka chumvi yote iliyokuwa chini inakuwa juu.

Hili ndilo kosa lenye gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa aliyelifanya alikuwa ametimiza kila alichoelekezwa kuhusu maji na bado aliharibu shamba. Pasipo mtaro wa kutolea maji, uoshaji huisogeza chumvi tu bila kuiondoa. Mtaro unapaswa kuwa na kina cha kuyashusha maji hadi mita 1.5 au 2 chini ya uso, uwe na mteremko, na uwe na mahali pa kumwaga. Katika skimu nyingi mitaro ilichimbwa tangu mwanzo, na inachohitaji ni kuondolewa matope, matete na magugu. Mtaro uliojaa matete huonekana upo, lakini maji hayaendi.

Je, ni chumvi tu au ni magadi?

Swali la pili linalotangulia hesabu ya maji ni la aina ya chumvi. Udongo wa chumvi ya kawaida huwa na ukoko mweupe na hupitisha maji vizuri, kwa sababu chumvi yenyewe huufanya mfinyanzi ushikamane katika vidonge. Udongo wa magadi, ambao sodiamu imeshikamana na mfinyanzi wake, huwa mgumu ukikauka, huteleza ukilowa, maji hutuama juu yake kwa siku nyingi, na mara nyingine huwa na ukoko mweusi. Kipimo cha uchungu wake, yaani pH, mara nyingi huzidi 8.5. Maabara huthibitisha kwa kupima asilimia ya sodiamu iliyoshikamana na udongo, na kuanzia asilimia 15 udongo huhesabiwa kuwa wa magadi.

Hatari iko katika udongo wenye vyote viwili. Huo hauonyeshi dalili za magadi kwa sababu chumvi nyingi iliyomo inauficha ugonjwa. Hata maji ya chupa ya sampuli yanaweza kutulia na kuwa maangavu. Ukiuosha kwa maji matamu, au hata kwa mvua, chumvi inaondoka, sodiamu inabaki, mfinyanzi unatawanyika na matundu yanaziba. Kifaa cha upitishaji umeme hakiwezi kuliona jambo hilo mapema, kwa kuwa kinahesabu chumvi zote pamoja bila kuzibagua. Kwa sababu hiyo, katika maeneo yanayojulikana kuwa na magadi, kipimo cha sodiamu ni cha lazima kabla ya kufungua maji. Huduma hiyo hutolewa na maabara za udongo, zikiwemo za kituo cha utafiti cha TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro.

Sodiamu ikithibitika, dawa yake ni jasi, ambayo hutoa kalisi inayochukua nafasi ya sodiamu. Kwa kukadiria, kuondoa sentimoli 1 ya sodiamu katika kila kilo ya udongo, kwa kina cha sentimita 30, huhitaji takriban tani 3.4 za jasi safi kwa hekta, sawa na tani 1.4 kwa ekari. Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, karibu na mashamba yenyewe, ingawa hupelekwa zaidi viwanda vya saruji. Inachanganywa na udongo kwanza, uoshaji hufuata.

Katika shamba la mfano tuchukulie kwamba maabara imekuta sodiamu ya asilimia 8, na kwamba mtaro umesafishwa na maji yameshuka hadi mita 1.8. Sasa hesabu ya maji ina maana.

Kuosha chumvi iliyolimbikizana

Kuna kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza hufanyika mara moja: kuondoa chumvi iliyokwisha kujaa. Ya pili ni ya kila msimu: kuizuia isirudi.

Kwa kazi ya kwanza, kina cha maji kinachotakiwa kupita katika udongo ni kina cha udongo unaooshwa, mara kizidisho, mara uwiano wa chumvi iliyopo na chumvi inayolengwa. Kizidisho ni takriban 0.3 kwa udongo wa tifutifu ya mfinyanzi unaofurikishwa mfululizo, na takriban 0.1 endapo maji yanatolewa kwa awamu huku udongo ukiachwa ujichuje katikati. Kushusha chumvi kutoka 6.6 hadi 1.7 katika sentimita 60:

```
Mfululizo:  600 mm x 0.3 x 6.6 / 1.7 = 699 mm
Kwa awamu:  600 mm x 0.1 x 6.6 / 1.7 = 233 mm
```

Kwa ekari moja, hiyo ni tofauti kati ya mita za ujazo takriban 2,830 na 940. Sababu yake ni kwamba shamba linapofurika, maji hukimbilia nyufa na matundu makubwa na kuiacha chumvi iliyojificha ndani ya vidonge vya udongo. Yakitolewa kwa awamu, chumvi hupata muda wa kutoka kwenye vidonge hivyo kuja kwenye njia ya maji. Awamu huchukua siku nyingi zaidi, lakini katika bonde ambalo maji yanagombaniwa, njia hiyo haina mshindani.

Milimita hizo 233 ni zile zinazopita chini ya mizizi tu. Awamu ya kwanza hutumika kujaza udongo uliokauka na haihesabiwi, na maji yanayokaushwa na jua kati ya awamu huongezwa juu. Hivyo kazi hufanywa vizuri zaidi wakati wa masika, shamba likiwa limesawazishwa na kuzungushiwa kingo, ili mvua, ambayo karibu haina chumvi, ifanye sehemu kubwa ya kazi bila gharama. Kusawazisha si pambo: kilima kidogo cha sentimita 10 ndani ya jaruba kitabaki na chumvi yake hata maji yakiwa mengi namna gani. Mkulima anayeweza kupanda mpunga katika msimu huo hupata uoshaji na mavuno kwa pamoja, mradi akumbuke kwamba miche michanga haistahimili chumvi kama mpunga uliokwisha kushika, na awamu za mwanzo zitangulie upandikizaji.

Hesabu hiyo huchukulia maji ya kuoshea kuwa na chumvi chache. Maji ya mfereji yenye 0.6 yatahitaji nyongeza kidogo. Maji ya kisima yenye chumvi kuliko kiwango kinacholengwa hayatakifikia kamwe.

Hitaji la uoshaji la kila msimu

Kazi ya pili hutumia kanuni iliyopendekezwa na mtaalamu Rhoades mwaka 1974, ambapo `ECw` ni chumvi ya maji na `ECe` ni kizingiti cha zao:

```
LR = ECw / (5 x ECe - ECw)
LR = 0.6 / (5 x 1.7 - 0.6) = 0.076
```

Hitaji ni asilimia 7.6 ya maji yanayoingia katika udongo. Iwapo mahindi yanatumia milimita 500 kwa msimu, maji yanayotakiwa kuingia ni 500 yakigawanywa kwa 0.924, yaani milimita 541. Nyongeza ni milimita 41, sawa na mita za ujazo 166 kwa ekari.

Wengi hushangaa udogo wa kiasi hicho, na wana haki ya kushangaa. Kwenye umwagiliaji wa mifereji, maji yanayopotea chini ya mizizi bila kukusudiwa huzidi asilimia 7.6 kwa mbali. Hivyo, kwa maji mazuri ya mto, mkulima wa aina hii huwa tayari anaosha, ila haoshi kwa usawa. Mwanzo wa mfereji, ambako maji hukaa muda mrefu, huoshwa kupita kiasi na mbolea ya naitrojeni huondoka pamoja na chumvi. Mwisho wa mfereji, ambako maji hufika yamechoka, haupati hata ya kutosha mmea. Mabaka meupe yakionekana kwenye miisho ya mifereji pekee, kinachotakiwa ni mifereji mifupi zaidi au shamba lililosawazishwa, na kuongeza maji shamba zima kutaongeza tu mzigo wa mtaro.

Mambo hubadilika kwa maji ya kisima. Yakiwa na 2.0, hitaji la mahindi linapanda hadi asilimia 31, na msimu unahitaji milimita 725. Kwa vitunguu, vyenye kizingiti cha 1.2, hitaji linafika asilimia 50: nusu ya maji yote yanayosukumwa kwa dizeli ingepita chini kwa ajili ya kuosha tu. Hesabu ikifikia hapo, busara ni kubadili zao, au kuchanganya maji ya kisima na ya mto, kuliko kuendelea kuosha.

Si lazima hitaji hilo litolewe katika kila zamu ya maji. Linaweza kutolewa mara moja au mbili kwa msimu, au kuachiwa mvua za masika, mradi chumvi ya eneo la mizizi isivuke kizingiti cha zao katikati ya msimu. Maji ya ziada nayo ni sehemu ya matumizi yanayosimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kwa hiyo uongozi wa skimu unapaswa kuyahesabu ndani ya kibali cha kutumia maji, katika eneo hili kupitia Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Vilevile maji yanayotoka mtaroni yana chumvi nyingi kuliko yaliyoingia, na mfereji wa skimu iliyo chini haupaswi kuwa mahali pa kuyamwagia.

Baada ya awamu ya mwisho ya uoshaji, sampuli huchukuliwa tena katika vituo vilevile, kwa kina kilekile na kwa njia ileile ya kupima. Tabaka la juu likisomeka chini ya 0.20 kwa sehemu 1 kwa 5, ambayo kwa udongo wa shamba la mfano ni ECe ya 1.7, na tabaka la chini likisomeka juu kidogo ya la juu, maji yanashuka na mahindi yanaweza kupandwa. Tabaka la juu likiendelea kuzidi la chini, kinachopaswa kukaguliwa ni mtaro na kina cha maji ya ardhini kabla ya kufungua lango la maji kwa mara nyingine.